Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Tozo za miamala zilijaza Hazina au zilihamisha fedha mfuko hadi mfuko?

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Mtumba, Dodoma.

Mheshimiwa, nakuandikia kutoka Morogoro, ambako nafunga hesabu za mawakala kadhaa wa fedha za simu. Kila msimu wa bajeti nasikia mabishano yaleyale. Wafanyabiashara wanasema kodi ikizidi kipimo Serikali yenyewe hupata kidogo, kwa hiyo viwango vishushwe. Upande wa pili unajibu kwamba hayo ni maneno ya mtu asiyetaka kulipa. Mabishano huisha kwa mwenye sauti kubwa, na mwaka unaofuata yanaanza upya, wakati nchi hii imeshafanya jaribio lake yenyewe ambalo lingeweza kutupa jibu. Jaribio hilo ni tozo za miamala za mwaka 2021 hadi 2023. Ombi langu ni kwamba wizara yako iyasome matokeo yake mbele ya wananchi, na ninaeleza hapa yasomweje, kwa sababu ni rahisi sana kuyasoma vibaya.

Wazo lenyewe ni la zamani. Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunisi wa karne ya 14, aliandika kwamba dola changa hutoza kidogo na kukusanya kingi, na ikizeeka hutoza kingi na kukusanya kidogo. Mwaka 1974, mchumi Mmarekani Arthur Laffer alilichora wazo hilo kwenye kitambaa cha mezani huko Washington, na tangu hapo mchoro unaitwa kwa jina lake. Kodi ikiwa sifuri, Serikali haipati kitu. Kodi ikichukua kila shilingi, hakuna atakayefanya shughuli hiyo waziwazi, na Serikali haipati kitu tena. Kati ya ncha hizo mbili mapato yanapanda mpaka kileleni, halafu yanateremka.

Hilo sidhani kama kuna mtu wa hesabu atakayelipinga. Lakini mchoro haukuambii umesimama upande gani wa mlima. Anayesema "kodi zimezidi, zikishushwa mapato yatapanda" anadai kwamba tumeshavuka kilele, na dai hilo linahitaji ushahidi wake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji shahada. Tuseme kodi ya 20% inatozwa kwenye biashara ya shilingi 1,000. Serikali inapata 200. Ikipandishwa hadi 30%, biashara itabidi isinyae mpaka chini ya 667 ndipo Serikali ipate pungufu ya ile 200 ya awali. Yaani theluthi nzima ya shughuli lazima itoweke. Ikitoweka robo tu, watu wameumia kweli, lakini Hazina imepata zaidi. Ndiyo maana kusema "biashara imepungua tangu kodi ipande" hakutoshi kuthibitisha kwamba mapato yamepungua. Swali ni kama imepungua kuliko kodi ilivyoongezeka.

Sasa tuje kwenye tozo. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ilianza kukatwa kwenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi cha muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa, na siku chache baadaye Rais aliagiza jambo hilo liangaliwe upya. Mwezi Septemba tozo ilishushwa kwa 30%, kiwango cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 kikashushwa tena hadi 4,000, lakini safari hiyo tozo ikapanuliwa kuingia kwenye miamala ya benki. Oktoba 2022 baadhi ya miamala ikaondolewa, na katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma ikafutwa.

Mwezi Agosti 2021 Serikali ilitangaza kwamba wiki nne za kwanza zimeleta takribani shilingi bilioni 48, na kwamba fedha zinakwenda kwenye vituo vya afya na madarasa. Sina shaka kwamba fedha hizo ziliingia. Tatizo langu, Mheshimiwa, ni kwamba namba ya namna hiyo haijibu swali tunalouliza. Ni makusanyo ya tozo, na makusanyo ya tozo si ongezeko la mapato ya Serikali.

Sababu iko kwenye risiti. Kabla ya tozo, Serikali tayari ilikuwa inakula kwenye muamala huohuo. Ada ya kampuni ya simu inabeba ushuru wa bidhaa wa 10%, na juu ya jumla hiyo kodi ya ongezeko la thamani ya 18%. Muamala usipofanyika, kodi hizo mbili hazipatikani. Kwa hiyo kila mteja aliyekimbia tozo aliondoka pia na kodi aliyokuwa analipa siku zote.

Naomba nifanye hesabu moja ya mfano. Namba ni zangu, nimezichagua ziwe nyepesi, ila viwango vya kodi ni vya kweli. Chukua muamala ambao ada yake kabla ya kodi ni shilingi 3,000. Ushuru wa bidhaa ni 300. Kodi ya ongezeko la thamani ni 18% ya 3,300, yaani 594. Serikali inapata 894 kwa muamala. Miamala 100 inaleta 89,400.

Sasa weka tozo ya shilingi 1,000, na tuseme miamala inashuka kutoka 100 hadi 70. Kitabu cha tozo kitaonyesha 70,000, na hiyo ndiyo namba itakayotangazwa. Lakini jumla ya Serikali ni miamala 70 mara 1,894, yaani 132,580. Ukitoa 89,400 ya zamani, ongezeko halisi ni 43,180. Shilingi 26,820 katika zile 70,000 zilizotangazwa zimetoka mfuko mwingine wa Serikali hiyohiyo.

Hata hivyo, ongezeko lipo. Anayedai kwamba tozo ilipunguza mapato kuliko kama isingekuwepo kabisa ana mzigo mzito: kwa hesabu hii miamala ingebidi ishuke chini ya 48 katika 100. Nalisema hili waziwazi japokuwa mawakala ninaowahudumia waliumia na tozo, na mimi nilikuwa upande wao. Kuumia kwao kulikuwa kwa kweli, ila si uthibitisho kwamba Hazina nayo ilipata hasara.

Lakini kuna swali la pili, na hili ndilo la mchoro wa Laffer hasa: je, kiwango chenyewe kilikuwa juu mno, ingawa tozo kwa ujumla iliongeza mapato? Endelea na mfano. Tozo inashushwa kwa 30%, kutoka 1,000 hadi 700. Tuseme miamala inapanda kutoka 70 hadi 85. Kitabu cha tozo sasa kinasoma 85 mara 700, yaani 59,500. Kimeshuka kwa 10,500. Ofisa anayeangalia kitabu hicho peke yake ataandika kwamba punguzo limeitia Serikali hasara. Sasa fungua vitabu vyote pamoja: miamala 85 mara 1,594 ni 135,490. Jumla imepanda kwa 2,910. Tukio ni moja, mwezi ni mmoja, vitabu viwili vinatoa majibu yanayopingana.

Ukiangalia tozo peke yake, punguzo la 30% linajilipa endapo miamala itaongezeka kwa karibu 43%. Ukiangalia mapato yote kwa ada ya mfano wangu, ongezeko la karibu 19% linatosha. Pengo kati ya 43 na 19 ni kubwa, na ndani yake ndimo mabishano yetu yote yanapotelea. Katika mfano huu tulikuwa tumevuka kilele bila kitabu cha tozo kuonyesha dalili yoyote. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenye tozo ya kweli, jibu liko kwenye takwimu za Benki Kuu, za Mamlaka ya Mapato na za kampuni za simu zikiwekwa meza moja.

Hapo ndipo ugumu wa pili unapoanza, kwa sababu hata vitabu vyote vikifunguliwa, kuna njia ya kudanganyika. Punguzo la Septemba 2021 linaonekana kuwa jaribio safi: kiwango kilibadilika, na miamala inayotozwa ilibaki ileile. Lakini kumbuka wiki zile zilivyokuwa. Tangu agizo la Rais la Julai, kila mtu alijua kwamba punguzo linaweza kuja. Mawakala wangu walisimulia jambo moja wote: wateja waliokuwa wakitoa kila wiki waliacha fedha zikae kwenye simu. "Ngoja tuone watasemaje," ndilo lilikuwa neno la kibandani. Wengine walimpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama kijijini, na ule msemo wa siku zote wa kuomba utumiwe "na ya kutolea" ukawa mzigo, maana ya kutolea yenyewe ilikuwa imepanda.

Sasa mteja aliyeahirisha Agosti akatoa Oktoba anaharibu hesabu pande mbili. Anaifanya Agosti ionekane mbaya kuliko athari ya kiwango chenyewe, na anaifanya Oktoba ionekane nzuri kupita kiasi. Ukilinganisha miezi hiyo miwili utaona miamala imerudi kwa kishindo, na utaamini punguzo limefanya kazi kubwa kuliko ilivyofanya.

Uingereza walikutana na jambo hilihili kwa fedha nyingi zaidi. Aprili 2009 serikali yao ilitangaza kwamba mapato ya mtu yanayozidi pauni 150,000 kwa mwaka yatatozwa 50% badala ya 40%, kuanzia Aprili 2010. Matajiri wakapewa mwaka mzima wa kujipanga. Wenye kampuni zao walijilipa gawio mapema, wakalipa kwa kiwango cha zamani. Mamlaka ya kodi ya huko ilikadiria baadaye kwamba mapato ya watu ya pauni bilioni 16 hadi 18 yaliwahishwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa kiwango kipya ulionekana mkavu kabisa, na mtu mwenye haraka angesema 50% imeua mapato.

Walichofanya kinastahili kuigwa. Machi 2012 walichapisha ripoti nzima ya tathmini, hatua kwa hatua, wakijaribu kutenganisha mapato yaliyohamishwa tarehe na mapato yaliyopotea moja kwa moja. Walikadiria kwamba kushusha kiwango hadi 45% kungegharimu karibu pauni bilioni 3 kama watu wasingebadili mwenendo, na kwamba ukiingiza mabadiliko ya mwenendo gharama inabaki kama pauni milioni 100 tu. Maana yake walijiona karibu kabisa na kilele. Na waliandika humohumo kwamba makadirio hayo yana mashaka makubwa, kwa sababu walikuwa na mwaka mmoja tu wa takwimu, tena mwaka uliovurugwa na watu kujihami. Wachumi wa nje ya serikali waliweza kuzichukua hesabu hizo, kuzikagua na kuzipinga. Kiwango kilishushwa Aprili 2013, na safari hii watu walifanya kinyume: walichelewesha mapato yao mpaka punguzo lianze.

Tofauti ya kuhama tarehe na kupotea ndiyo roho ya jambo. Fedha iliyohama tarehe itarudi. Fedha iliyopotea ni ile ya mteja aliyezoea bahasha ya basi na hakurudi tena kwa wakala. Huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada. Unahitaji mfululizo mrefu, angalau tangu Januari 2020, ili uone kwanza miamala ilikuwa ikikua kwa kasi gani kabla ya tozo. Hili la ukuaji lina uzito wake pia. Fedha za simu zilikuwa zikikua nchini mwaka hadi mwaka. Kama miamala ya mwaka 2022 ilizidi ya mwaka 2020, hilo halisemi kwamba tozo haikuumiza. Swali ni ingefika wapi bila tozo.

Wengine watashauri tutumie benki kama kipimo cha kulinganisha, kwa kuwa kati ya Julai 2021 na Juni 2022 miamala ya benki haikuwa na tozo. Nawaonya. Mteja aliyekimbia simu akaenda kwa wakala wa benki anaongeza kwenye benki huku akipunguza kwenye simu, kwa hiyo tofauti kati ya pande hizo mbili itahesabu mtu mmoja mara mbili. Na Julai 2022 tozo ilishuka siku ileile ilipopanuliwa kuingia benki, mambo mawili yakatokea pamoja. Kipindi hicho kitatusaidia kidogo sana.

Penye ushahidi bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ndani ya jedwali la tozo lenyewe. Tozo ilipangwa kwa madaraja ya kiasi. Ukivuka mpaka wa daraja kwa shilingi chache, tozo inaruka. Watu waliojali tozo wataonekana wamerundikana chini tu ya kila mpaka, na wengine watakuwa wamekata muamala mmoja kuwa miwili. Mrundikano huo haukuwepo kabla ya Julai 2021, isipokuwa pale ambapo mipaka iligongana na madaraja ya ada za kampuni, na hayo yanajulikana na yanaweza kutengwa. Zaidi ya hapo, tozo iliongeza gharama ya muamala kwa uwiano usiolingana katika madaraja tofauti. Daraja ambalo gharama iliruka sana likianguka sana, na lile ambalo gharama ilipanda kidogo likitetereka kidogo, tutakuwa na kipimo cha jinsi watu wanavyoitikia ambacho hakitegemei ukuaji wa jumla wala hali ya uchumi ya mwaka huo, kwa sababu vitu hivyo viligusa madaraja yote kwa pamoja.

Nina neno pia kwa wale watakaotumia barua hii kudai kila kodi ishushwe. Jimbo la Kansas, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 2012. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka 6.45% hadi 4.9%, na mapato ya biashara nyingi ndogo yakaondolewa kodi kabisa, kwa ahadi kwamba uchumi utakua na kulipia pengo. Mapato ya jimbo yalianguka, bajeti ikakosa fedha mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2017 bunge la jimbo lilifuta sehemu kubwa ya mageuzi hayo kwa kura zilizoshinda pingamizi la gavana wao. Ukianza na kodi iliyo chini, ukiishusha zaidi unateremka mlima kwa upande wa kushoto. Mchoro wa Laffer haukuwahi kuahidi kingine.

Na kwa upande wa Hazina, naomba kisisahaulike kitu kimoja. Kutokuvuka kilele si ruhusa ya kukipanda mpaka juu. Karibu na kilele, kila shilingi ya ziada inayoingia serikalini inapatikana kwa kufukuza shughuli nyingi sana. Rudi kwenye mfano wangu na chukulia kwamba kwa tozo ya 1,000 miamala ingebaki 72 badala ya 70. Jumla ingekuwa 136,368, zaidi ya ile 135,490 ya tozo ya 700 kwa shilingi 878 tu. Kwa ajili ya 878 hizo, miamala 13 isingefanyika, na waliobaki 72 wangelipa 300 zaidi kila mmoja. Hapo huwezi kusema mapato yamepungua, lakini ni biashara mbaya kwa nchi. Mabishano yanayouliza tu kama tumevuka kilele yanaacha swali hili nje, na kwa mama mwenye kibanda pale stendi ya Msamvu hili ndilo swali kubwa zaidi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninachoomba ni kitu ambacho wizara yako inaweza kukikusanya bila sheria mpya. Chapisha idadi na thamani ya miamala ya simu kwa kila mwezi na kwa kila daraja la tozo, kutoka Januari 2020 hadi Desemba 2023, kutuma peke yake na kutoa peke yake. Weka pembeni yake makusanyo ya tozo, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani kutoka kwenye ada za miamala hiyo, kila kodi kwenye safu yake. Majina ya wateja hayahitajiki, wala ya mawakala. Jumla za kila daraja zinatosha. Na pale ambapo makadirio ya tozo yaliandaliwa kabla ya Julai 2021, chapisha dhana iliyotumika kuhusu miamala mingapi ingepotea. Kama dhana ilikuwa sifuri, ni vyema tujue sasa, kabla makadirio ya kodi nyingine hayajaandaliwa kwa mtindo huohuo.

Takwimu hizo zikitoka, mimi na wenzangu wa hesabu hapa Morogoro tutazifanyia kazi bila malipo, na tutakuletea jibu hata kama litaonyesha kwamba mawakala wetu walikosea na Hazina ilikuwa sahihi.

Nakutakia kazi njema, Mheshimiwa.

Mhasibu na mlipa kodi,
Morogoro